Shirika la Ndege Likibadili Ratiba Kabla ya Usaili wa Viza

Mada yetu ya leo ni nyembamba, lakini huwagharimu wengi: mtu amepata miadi ya usaili wa viza ubalozini, akanunua tiketi ya ndege ya ndani ili aifikie, kisha shirika la ndege likabadili ratiba na miadi ikawa haifikiki. Afanye nini, na aandike nini?

Tuchukue mfano wa mama mfanyabiashara anayeishi Mwanza na anayetaka kwenda katika moja ya nchi za eneo la Schengen. Safari yake ya Ulaya ni tarehe 13 Julai 2026. Usaili wake uko Dar es Salaam, Jumatano tarehe 10 Juni, saa 3:00 asubuhi. Alikata tiketi ya jioni ya tarehe 9. Mnamo tarehe 4 Juni akapokea ujumbe kwamba ndege hiyo imeahirishwa hadi saa 6:00 mchana wa tarehe 10. Yaani ndege itaondoka Mwanza saa tatu baada ya usaili kuanza.

Jambo la kwanza si kuuandikia ubalozi. Ni kuliuliza shirika la ndege iwapo ipo nafasi katika ndege ya mapema zaidi, tarehe 9 au kabla yake. Miadi iliyokwisha kupatikana ni bora kuliko miadi inayotafutwa. Mama yetu aliuliza, akaambiwa ndege za siku hizo zimejaa, na basi hakuliweza kwa sababu za kiafya. Hapo ndipo alipokuwa na haki ya kusema kwamba hana njia nyingine. Aliomba jibu hilo kwa maandishi, akalihifadhi pamoja na ujumbe wa awali wa mabadiliko, ambao ulionyesha saa ya zamani na saa mpya.

Jambo la pili ni nambari ya kumbukumbu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Msafiri huyu ana nambari mbili mkononi. Ya kwanza ni ya tiketi, yenye herufi na tarakimu sita, mfano K7M2QX. Ya pili ni ya miadi, iliyo katika ujumbe wa uthibitisho uliotoka ubalozini au katika kituo kinachopokea maombi kwa niaba yake. Ofisa wa viza hawezi kumtafuta mtu kwa nambari ya tiketi, kwa kuwa hiyo hufunguka katika mfumo wa shirika la ndege tu. Barua yenye nambari ya tiketi pekee hurudi na swali, na swali hilo laweza kula siku mbili ambazo msafiri hana. Basi nambari ya miadi itangulie, ifuatwe na jina kama lilivyo katika pasipoti pamoja na nambari ya pasipoti. Nambari ya tiketi ibaki ndani ya kielelezo.

Jambo la tatu ni tarehe mpya. Usiandike "siku yoyote inayofaa". Tarehe hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya safari. Kanuni za viza za Schengen zinataka ombi la kawaida liwasilishwe si mapema kuliko miezi sita, na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Siku 15 kabla ya tarehe 13 Julai ni tarehe 28 Juni, nayo ni Jumapili. Kwa hiyo ukomo wa kweli wa mama huyu ni Ijumaa tarehe 26 Juni.

Ila ukomo si tarehe ya kuomba. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15 tangu ombi lipokewe, lakini muda huo waweza kurefushwa hadi siku 45 pale ombi linapohitaji uchunguzi zaidi. Akisailiwa tarehe 17 Juni, siku 15 zitaishia tarehe 2 Julai, na atabaki na siku 11 za kuifuata pasipoti yake. Akisailiwa tarehe 26, siku 15 zitaishia tarehe 11 Julai, nayo ni Jumamosi, na safari ni Jumatatu. Kwa sababu hiyo aliomba tarehe 15, 17 au 18 Juni. Tarehe tatu humpa ofisa nafasi ya kuchagua, nazo zote ziwe siku ambazo msafiri amehakikisha kwamba ndege ya kumfikisha ipo.

Barua yenyewe iwe fupi, iandikwe kwa lugha ambayo ubalozi huo unapokea, na nambari ya miadi ionekane katika kichwa cha habari. Maudhui yake yawe hivi:

"Yah: Ombi la kubadili tarehe ya usaili, miadi nambari (…). Mimi (jina), mwenye pasipoti nambari (…), nina miadi tarehe 10 Juni 2026, saa 3:00 asubuhi. Tarehe 4 Juni shirika la ndege liliahirisha ndege yangu ya Mwanza kwenda Dar es Salaam kutoka jioni ya tarehe 9 hadi saa 6:00 mchana wa tarehe 10. Niliomba ndege ya mapema nikajibiwa kuwa zimejaa. Nimeambatisha ujumbe wote wawili. Naomba nipangiwe tarehe 15, 17 au 18 Juni, saa yoyote. Tarehe yangu ya safari, 13 Julai, haijabadilika."

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Inamwambia ofisa kwamba fomu, bima ya safari na uthibitisho wa malazi bado vinakubaliana. Kama ndege iliyobadilishwa ingekuwa ile ya Ulaya, sentensi hiyo isingefaa: ingempasa mwombaji arekebishe kwanza tarehe katika fomu na bima, maana bima isiyofunika siku zote za kukaa huko ni kasoro katika ombi.

Mahali ambapo miadi hubadilishwa katika mfumo wa mtandaoni, angalieni kwanza tarehe zilizo wazi kabla ya kufuta ile ya zamani. Nafasi iliyofutwa yaweza kuchukuliwa na mwingine, na aliyeifuta akajikuta nyuma ya tarehe yake ya ukomo.

Mwisho, kuomba si kupewa. Ubalozi haulazimiki kukubali tarehe uliyoipendekeza, na kosa la shirika la ndege haliufungi. Miadi mpya ipo pale tu unapopokea uthibitisho mpya wenye tarehe, saa na nambari yako ya pasipoti. Kabla ya hapo, usinunue tiketi nyingine. Siku mbili za kazi zikipita bila jibu, andika tena juu ya barua ile ile, kwa nambari ile ile ya miadi, badala ya kufungua ombi jipya litakaloonekana kama la mtu wa pili. Ama madai ya nauli dhidi ya shirika la ndege, hilo ni shauri la peke yake, na vielelezo ulivyohifadhi vitakufaa huko pia.