Kwa Nini Video ya Saileji Haionekani Ikitafutwa YouTube

Mazungumzo kwa wakulima na vijana wanaoanza kupakia video mtandaoni



Chukueni mfano wa mfugaji anayeuza saileji. Amejirekodi kwa simu akikatakata mahindi, akiyashindilia shimoni na kuyafunika kwa karatasi ya plastiki. Video ni ya dakika kumi na mafunzo yake ni sahihi. Ameipakia YouTube akaiita "Siku njema shambani". Mnunuzi wa kijiji jirani anaandika "jinsi ya kutengeneza saileji", anaonyeshwa video za wengine, na oda inakwenda kwao.

Kosa la kwanza ni kichwa. YouTube hulinganisha maneno ya mtafutaji na kichwa, maelezo na yaliyomo ndani ya video. "Siku njema shambani" haina hata neno moja analotafuta mnunuzi. Kichwa kinachofaa ni "Jinsi ya kutengeneza saileji ya mahindi shimoni". Nafasi ni herufi 100, lakini simu hukata kichwa kirefu, kwa hiyo neno muhimu litangulie. Maelezo yaanze kwa kusema video inafundisha nini. Zile lebo zinazoitwa "Tags", ambazo wengine hutozwa pesa kuandikiwa, zina uzito mdogo sana. Hufaa zaidi kwa neno ambalo watu huliandika kwa namna nyingi: saileji, sileji, silage.

Mfugaji akabadilisha kichwa. Video ikaanza kuonekana, kisha ikashuka tena. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na sababu ni muda wa kutazamwa. Tangu 2012 YouTube imeupa muda huo uzito kuliko idadi ya mibofyo. Katika utafutaji, huangalia waliotafuta maneno fulani walikaa kwenye video ipi. Video ya mfugaji inaanza kwa dakika mbili za muziki na salamu kwa jamaa. Aliyetafuta saileji anaondoka kabla ya panga kugusa mhindi, anafungua video nyingine na kuitazama dakika saba. Kwa maneno yale yale, ile nyingine inapanda.

Ugonjwa huu huonekana katika YouTube Studio, kwenye mchoro wa "Audience retention": mstari huporomoka mwanzoni kabisa. Si lazima kupakia upya. Kwenye kompyuta, sehemu ya "Editor" ina "Trim & cut"; zile dakika mbili zikatwe, na kiungo cha video hubaki kile kile.

Kuna mtego mmoja. Mfugaji akitafuta kwa simu yake mwenyewe huenda akajiona wa kwanza, kwa sababu YouTube huzingatia pia historia ya anayetafuta. Atumie "Incognito", au aazime simu ya mtu ambaye hajawahi kufungua video yake.