Hesabu Sahani Kabla Dereva Hajaondoka



Kule kambini, sherehe ikiisha, kila jirani alibeba kiti chake akarudi nacho nyumbani. Hapa Merrylands viti ni vya kampuni, na kampuni inahesabu.

Nilijifunza kwa hasara. Kwenye harusi ya dada yangu tulikodi viti 100, sahani 120 na hema. Mjomba alipokea mzigo asubuhi, akaweka sahihi bila kuhesabu. Jumatatu kampuni ikasema zimepungua sahani 9. Sisi tulijua imevunjika 1 tu. Labda zile 8 hazikuletwa kabisa, lakini sahihi yetu ilisema tumepokea 120. Wakakata dola 6 kwa kila sahani, jumla dola 54, kwenye pesa ya dhamana. Hatukuwa na la kujibu.

Kwa hiyo kazi ya kurudisha inaanza siku ya kupokea. Fungua kila kreti, hesabu, piga picha. Zikiwa 112, andika 112 kwenye karatasi ya dereva, naye aweke sahihi. Chombo chenye ufa kiandikwe pia. Kabla ya hapo, ulizia bei ya kitu kikivunjika au kikipotea. Mara nyingi ni bei ya kununua kipya, si bei ya kukodi.

Sherehe ya pili tulijipanga. Ukumbi ulikuwa wetu mpaka saa 5 usiku, na kufungasha kulikuwa ndani ya muda huo. Saa 3 na nusu vijana wawili walikusanya sahani, wakakwangua mabaki kwenye ndoo, wakasuuza na kuzirudisha kwenye kreti zilezile. Hapo ndipo sahani hupotea: zinatupwa pamoja na mabaki, au zinaondoka na chakula cha wageni. Vipande vya zilizovunjika tulivitia kwenye boksi, maana kilichovunjika kikionekana hakuna ubishi. Saa 4 tulipanga viti kumi kumi. Mafungu 10, basi 100. Saa 4 na nusu tulihesabu vyote kwa karatasi ileile ya asubuhi. Ilipungua sahani 2 tu, na vipande vyake vilikuwepo. Tulilipa dola 12.

Hema lililosimamishwa na kampuni, waachie walishushe wenyewe. Mliloshusha ninyi, msilikunje bichi mkaliacha hivyo: litaota ukungu, nanyi mtadaiwa. Likinyeshewa, waambieni siku hiyohiyo.

Mkidaiwa msichokielewa, ombeni orodha ya maandishi, kila kitu na bei yake. Wakikataa, pigeni 131 450, mseme "Swahili", mkalimani awaunganishe na Fair Trading ya NSW, namba 13 32 20. Shikeni mkononi karatasi yenu ya hesabu na picha zenu, ndizo watakazoulizia.