Kadi ya Kumuaga Mtunza Ghala Wetu

(Hotuba iliyosomwa Mpanda katika hafla ya kumuaga mtunza ghala wetu)



Nimepewa kazi ya kusema kwa niaba ya watu ambao wengi wao hawamo humu ukumbini. Mzee huyu alianza kazi katika ghala letu mwaka 1986, wakati Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na amebaki hapo hata tukawa Mkoa wa Katavi mwaka 2012, hadi leo. Katika miaka hiyo watoto wa nyumba yetu wamekulia juu ya magunia yake, kisha wakatawanyika. Wengine wako Dar es Salaam, wengine Rajkot, wengine Leicester. Waliposikia anarudi kwao Ufipa waliandika kadi. Kadi yenyewe ipo Leicester mpaka leo, maana posta isingeiwahisha. Kilichofika Mpanda ni picha zake, zilizoletwa kwa simu. Hivyo maneno nitakayosema si yangu. Ni maneno ya kadi hiyo, yaliyotolewa katika Kigujarati na kutiwa katika Kiswahili, na naomba mniruhusu nieleze yalivyofika, kwa sababu njiani yalikaribia kupotea.

Kadi ina jumbe kumi na moja. Tatu zimeandikwa kwa Kiswahili, nazo hazikunipa taabu. Tatu zimeandikwa kwa hati ya Kigujarati, ile niliyofundishwa utotoni. Tano zilizobaki zimeandikwa na vijana ambao husema Kigujarati lakini hukiandika kwa herufi hizi hizi tunazoandikia Kiswahili. Ningedhani kuwa hizo ndizo nyepesi kuliko zote. Kumbe ndizo zenye mitego, maana msomaji wa Kiswahili akizitazama huona maneno anayoyajua, na maana zake sizo.

Jambo la kwanza tulilofanya, mimi na mke wangu, lilikuwa kunakili kila ujumbe jinsi ulivyo, karatasi moja kwa ujumbe mmoja, pasipo kutafsiri hata neno. Mtu anayetafsiri huku akisoma picha hujaza kwa akili yake pale jicho lisipoona, kisha husahau kuwa alijaza. Mahali tusipoona vizuri tuliacha nafasi tupu. Nafasi tupu zilikuwa nne. Mbili zilisababishwa na mwanga wa taa uliorudi kutoka kwenye karatasi inayong'aa, moja ilifunikwa na kidole cha mpiga picha, na ya nne ilitokana na ukingo wa kadi kuachwa nje ya picha.

Hiyo ya nne ndiyo iliyotuweka macho hadi usiku. Katika Kigujarati kitendo aghalabu huja mwisho wa sentensi. Kwa hiyo picha ikikata mwisho wa mstari, haikati pambo, inakata kitendo chenyewe, pamoja na wakati wake. Mpwa wangu alikuwa ameandika: "Kale tame amne sachavya, kale ame tamne..." na hapo picha ikaisha.

Msomaji wa Kiswahili ataona "kale" na kufikiri zamani za kale. Sivyo. Kwa Kigujarati neno hilo ni siku iliyo jirani na leo, upande wowote: ni jana, na ni kesho pia. Kinachoamua ni kitendo. "Sachavya" ni kitendo kilichokwisha, basi "kale" ya kwanza ni jana: jana wewe ulitutunza. Lakini "kale" ya pili haina kitendo chake. Ilisemaje? Kwamba jana nasi tulikutunza? Kwamba jana nasi tulikusumbua? Au kwamba kesho tutafanya jambo? Ningeweza kukisia, na pengine ningepatia. Lakini ahadi ya mtu mwingine haikisiwi. Tuliomba picha ya pili, kadi ikiwa imelazwa juu ya meza mchana, karibu na dirisha, na kingo zote nne zikionekana. Neno lililokosekana likatokea: "sachavishu". Ni kitendo kijacho. Basi, Mzee wetu, ujumbe wa mpwa wangu ni huu: "Jana wewe ulitutunza, kesho sisi tutakutunza." Nimemuuliza kama niusome mbele ya watu wote hawa, akajibu kuwa aliuandika ili usikike.

Mtego wa pili ni majina ya ukoo. Ujumbe wa mtoto wa kaka yangu unaanza na neno "Kaka". Kijana wetu wa dukani, aliyenisaidia kupiga chapa hotuba hii, aliona haina haja ya kutafsiri, akaliacha vile vile. Ni kweli kwamba kwa Kiswahili kaka ni ndugu wa kiume, hasa aliyekutangulia. Lakini kwa Kigujarati kaka ni ndugu mdogo wa baba, yaani baba mdogo. Mwandishi huyo alikuwa na miaka minne Mzee alipokuwa tayari mtu mzima. Hakuwa akimwita ndugu. Alikuwa akimwita baba.

Mzee wetu, wewe unakijua Kigujarati cha mizani na cha bei, lakini nadhani jambo hili hukuambiwa. Miaka yote watoto wale walipokuita "kaka" kutoka uani, nawe ukaitika ukifikiri wamekupa heshima ya ndugu mkubwa, walikuwa wamekupandisha ngazi moja zaidi. Kwa hiyo katika tafsiri tumeandika "Baba mdogo".

Hali kadhalika mjukuu wangu wa Leicester, mwenye miaka sita, ameandika maneno mawili tu: "Dada, avjo." Msicheke. Hakumwita Mzee dada. Kwa Kigujarati dada ni baba mzazi wa baba, yaani babu. Na ndugu wa kiume wa mama, tunayemwita hapa mjomba, kwa lugha yetu huitwa "mama". Mnaona basi jinsi kadi moja, ikisomwa na mtu mwenye haraka, ingeweza kumfanya mzee wa ghala kuwa kaka, dada na mama kwa wakati mmoja.

Sasa nije kwenye ujumbe ulionipa mawazo mengi kuliko yote. Binti wa nyumba yetu, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu, ameandika kuwa yeye ni "runi" kwako. Neno hili hutokana na "run" lenye maana ya deni. Watu wetu hulitumia sana kwa shukrani nzito: mtu akikutendea wema usiolipika, unasema wewe ni mdeni wake. Tafsiri ya mkato ingekuwa "nina deni lako". Lakini fikirini, mabibi na mabwana. Mtu anaagwa baada ya miaka thelathini na minane ya kutunza ghala na daftari la wakopaji. Tajiri wake anasimama mbele ya watu na kusoma kwamba familia ina deni lake. Nani kati yenu hangenong'ona kuwa mshahara wa mzee haukulipwa?

Ningeweza kuandika "nakushukuru sana" na jambo likaisha. Lakini kanuni tuliyojiwekea ni kuwa kila tafsiri irudishwe kwa mwenyewe kabla ya kusomwa, naye aulizwe: je, hivi ndivyo ulivyokusudia? Nikampigia simu. Nikamwuliza, "Binti yangu, runi hii ni ya shukrani au ya fedha?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Baba, ni zote mbili."

Akanieleza. Mwaka 1994 alikuwa anasoma Tabora. Siku ya kurudi shuleni mimi sikuwapo, na mama yake alikuwa amelazwa. Treni ya Kaliua ilikuwa inaondoka, na ukiikosa ilikupasa kungoja siku kadhaa hadi safari nyingine. Mzee alimpeleka stesheni, akamkatia tiketi ya hadi Tabora kwa fedha yake mwenyewe, akampa na ya kula njiani. Msichana alimwambia aandike katika daftari la duka ili baba alipe. Mzee akamjibu kuwa lile ni daftari la wakopaji, na yeye si mkopaji.

Nimelifungua daftari la mwaka ule. Tarehe zile zimejaa mahindi, chumvi, mafuta ya taa na majina ya wateja, kila shilingi mahali pake, kwa mwandiko wako, Mzee. Nauli ile haimo. Basi neno la binti halikuhitaji kulainishwa. Tumelitafsiri kama lilivyo, na kuongeza maneno machache kwa ruhusa yake, ili asikike vizuri: "Nina deni lako la nauli ya Tabora ambalo hukuliandika, na ndilo deni pekee nililoishi nalo kwa furaha." Bahasha yake ninayo hapa, nitakukabidhi mkononi.

Zile tatu za Kiswahili zimetoka kwa wafanyakazi wenzako waliohamia Dar es Salaam. Nitasoma moja tu, ya dereva wa lori: "Hukunipakia gunia pungufu hata siku moja, wala hukunikubalia nipakue gunia pungufu." Ujumbe mmoja kati ya kumi na moja sitausoma. Una mzaha mzuri juu ya mtu aliye hapa ukumbini, na mzaha ulioandikwa kwa jicho la mtu mmoja si lazima uingie masikio ya mia. Nimeunakili, utausoma mwenyewe nyumbani na kucheka.

Limebaki neno moja, "avjo", ambalo limo mwishoni mwa jumbe sita. Kamusi ya haraka itawaambia ni kwaheri. Lakini ukilifungua ndani, ni kitendo cha kuja: maana yake ni "uje". Mwenyeji anaposindikiza mtu mlangoni hamwambii aende, humwambia aje. Tulijaribu "kwaheri", tukaona inafunga mlango. Tulijaribu "kwaheri ya kuonana", ikakaribia. Mwishowe tukachukua lile neno ambalo wewe mwenyewe, Mzee, ulimwambia kila mteja alipobeba mzigo wake kutoka ghalani, awe amenunua gunia zima au kibaba kimoja.

Baba mdogo wa watoto wetu, babu wa wajukuu wetu: karibu tena.