Moshi wa Jikoni na Kimo cha Mtoto
Mazungumzo kwa wakazi wa Zombe, Kitui Mashariki



Katika vijiji vingi huonekana mtoto wa miaka miwili ambaye akisimama karibu na wenzake hudhaniwa ana mwaka mmoja. Hajakonda, anacheza na anakula, kwa hiyo watu husema ukoo wao ni wa watu wafupi. Mara nyingine ni kweli, lakini kwa watoto wengi sababu siyo ukoo. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika Kaunti ya Kitui watoto 46 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kwa Kenya nzima walikuwa 26 kati ya 100. Ukoo hauwezi kueleza tofauti kubwa namna hiyo.

Kudumaa hupimwa kwa urefu wa mtoto kulingana na umri wake. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, msichana wa mwaka mmoja kwa kawaida ana urefu wa sentimita 74 hivi. Akiwa chini ya sentimita 69 huhesabiwa amedumaa. Utepe wa rangi unaozungushwa mkononi hautambui jambo hili, kwa sababu kazi yake ni kutambua mtoto aliyekonda. Mtoto anaweza kuwa na mkono mnene na bado akawa amedumaa.

Chakula kidogo, kuhara mara kwa mara na minyoo ni sababu zinazojulikana na wengi. Moshi wa jikoni hutajwa mara chache, ingawa nao humfikia mtoto kila siku. Humfikia kwa njia mbili.

Njia ya kwanza huanza kabla hajazaliwa. Kuni na makaa yakiungua hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki. Mama akiivuta, huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni, kwa kuwa damu huikamata hewa hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoikamata oksijeni. Mtoto aliye tumboni hana hewa nyingine isipokuwa ile inayoletwa na damu ya mama. Oksijeni ikipungua kila asubuhi na kila jioni, naye hukua polepole. Mtoto anayezaliwa mdogo huanza safari akiwa nyuma ya wenzake, na wengi hawawafikii.

Njia ya pili ni mapafu ya mtoto mwenyewe. Moshi una chembe ndogo mno, ndogo kuliko unene wa unywele mara 30 hivi. Kwa udogo huo hazizuiwi na pua, bali hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kudhoofisha kinga yake. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, lakini mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60. Wakikaa katika moshi mmoja, mtoto huvuta zaidi kwa kila kilo ya mwili wake. Baadaye huja kikohozi na nimonia. Mtoto mgonjwa hukataa kula, na chakula kidogo anachokula hutumika kupigana na homa badala ya kurefusha mifupa. Akiugua mara nne kwa mwaka, hizo ni wiki nyingi asizokua.

Kenya inao utafiti wake kuhusu moshi huu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walipima moshi katika nyumba za familia 55 huko Mpala, Laikipia, na kufuatilia nani aliugua kifua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, na mambo mawili yaliyojitokeza yanahusu kila jiko la Zombe.

La kwanza ni kwamba moshi haulingani muda wote wa kupika. Hupanda kwa ghafla moto unapowashwa, kuni zinapoongezwa na makaa yanapochochewa. Dakika hizo chache hubeba sehemu kubwa ya moshi wote wa siku, na ndizo dakika ambazo mpishi ameinama juu ya meko. Ikiwa amembeba mtoto mgongoni, mtoto naye ameinama pamoja naye.

La pili ni kwamba ugonjwa haupungui sawasawa na moshi. Moshi ukiwa mwingi sana, kuupunguza kidogo hakuleti nafuu ya kuonekana. Ni kama mtu aliyelowa chapachapa: mvua ikipungua kidogo, bado amelowa. Nafuu kubwa huja moshi unaposhuka sana. Ndiyo maana jiko jipya linalopunguza kuni kwa theluthi moja linaweza kuokoa fedha na safari za kutafuta kuni, na kikohozi cha mtoto kikabaki palepale ikiwa chumba ni kilekile kisicho na dirisha.

Hesabu ya mfano inaweza kusaidia. Chukulia jiko la mafiga matatu katika chumba chenye mlango mmoja. Asubuhi hupikwa chai na uji, jioni huchemshwa isyo kwa muda mrefu, jumla saa nne za moto kwa siku. Chukulia kwamba wakati wa kupika chembe za moshi hewani ni wastani wa maikrogramu 600 katika kila mita ya ujazo, na saa 20 zilizobaki ni 30. Mtoto anayekaa jikoni saa zote nne atapata wastani wa siku wa 125. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani huo usizidi 15.

Sasa mtoto yuleyule aachwe nje kivulini na bibi au dada yake kwa saa tatu kati ya hizo nne. Wastani wake unashuka hadi 54 hivi, chini ya nusu, bila kununua chochote. Bado haujafika 15, lakini ni punguzo kubwa kwa badiliko la bure. Meko yakihamishiwa nje siku zisizo na mvua, ambazo Zombe ni nyingi, mama naye anapata nafuu, na mtoto aliye tumboni vilevile.

Kuna ukweli mwingine ambao haufai kufichwa. Utafiti mkubwa uitwao HAPIN ulifanywa katika nchi nne, mojawapo ikiwa Rwanda, katika wilaya ya Kayonza. Wajawazito wapatao 3,200 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa jiko la gesi na mitungi ya bure, nusu wakaendelea na kuni. Moshi ulipungua kweli. Wajawazito wa gesi walivuta chembe zipatazo 24, wenzao wa kuni zipatazo 71. Lakini watoto walipozaliwa, tofauti ya uzito ilikuwa gramu 20 hivi tu. Walipofika mwaka mmoja, waliodumaa walikuwa 27 kati ya 100 upande wa gesi na 25 upande wa kuni, yaani hapakuwa na tofauti ya maana.

Matokeo hayo hayasemi kwamba moshi hauna madhara. Gesi ilianza kutumika mimba ikiwa tayari na wiki 9 hadi 20, na hata kiwango cha 24 bado kiko juu ya 15. Yanachosema wazi ni kwamba kuondoa moshi peke yake hakurefushi mtoto ambaye bado anakula uji mtupu, anakunywa maji machafu na kuhara kila mwezi. Moshi ni mzigo mmoja kati ya mizigo kadhaa aliyobeba mtoto. Familia inayoambiwa kwamba mtungi wa gesi pekee utamaliza udumavu imedanganywa.

Katika jiko la kawaida, kazi ya kwanza ni kupunguza muda wa moto na vilele vya moshi. Maharagwe na mahindi yakilowekwa usiku kucha huiva mapema, na sufuria yenye kifuniko hutumia kuni chache. Kuni zipasuliwe na kuanikwa juani hadi zikauke kabisa. Kuni kavu ni nyepesi, ganda lake hubanduka, na mbili zikigonganishwa hutoa mlio mkali. Mbichi hutoa mlio mzito na huchuruzika maji mwishoni zikiwekwa motoni. Mvua za Novemba zikikaribia, akiba ya kuni iwe tayari imewekwa mahali pasipovuja. Plastiki isitumike kuwashia moto, kwa sababu moshi wake una sumu zaidi ya ule wa kuni.

Kazi ya pili ni kuupa moshi njia ya kutokea. Tundu moja halitoshi. Hewa huhitaji kuingia upande mmoja chini na kutoka upande wa pili juu, karibu na paa. Masizi kwenye mabati na utando mweusi wa buibui ni ushahidi kwamba moshi hukaa ndani.

Makaa yanahitaji onyo la peke yake. Hayana moshi mwingi wa kuonekana, kwa hiyo watu huingiza jiko chumbani usiku wa baridi. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hasa hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Kulala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa kunaweza kuua familia nzima, na kwa mama mjamzito hata kiasi kisichomwangusha humnyima mtoto oksijeni.

Mwisho ni kupima. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hupimwa urefu akiwa amelala kwenye ubao, bila viatu, watu wawili wakishirikiana: mmoja hushika kichwa, mwingine hunyoosha magoti na kubana nyayo. Akipimwa amesimama huonekana mfupi kwa kama sentimita 0.7, na magoti yakikunjwa kosa huwa kubwa zaidi. Mzazi anayo haki ya kuomba urefu upimwe, siyo uzito tu, na uandikwe katika kijitabu cha mama na mtoto. Mstari wa mtoto ukianza kulala wakati ule wa kawaida unapanda, huo ndio wakati wa kuuliza kuhusu chakula, kuhara na jikoni, kabla ya miaka miwili kupita.

Mtoto akikohoa, mzazi amhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni pumzi 40 au zaidi. Huyo hasubiri kesho. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.