Ijumaa Ijayo ni Ijumaa Ipi?
(Hotuba fupi kwa wahitimu na wanafunzi, Ndundu)

Nimeombwa niseme neno juu ya uandishi wa barua. Nitaeleza kosa moja nililolifanya mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2019, niliandika barua ya kuwaita wazee wa vijiji kwenye kikao hapa Ndundu, "Ijumaa ijayo". Nilikusudia tarehe 13, kwani ile ya tarehe 6 kwangu ilikuwa "Ijumaa hii". Barua ilifika Ikwiriri siku ya pili, na wazee wa huko wakaona Ijumaa inayokuja ni tarehe 6. Wakaja, wakanikuta sina hata viti. Kule delta barua hungoja mashua, na mashua hungoja maji kujaa. Ikafika Jumamosi, tarehe 7. Hao walielewa tarehe 13, sawa na nilivyotaka, lakini kwa bahati tu. Ingechelewa wiki moja zaidi, wangehesabu tarehe 20.

Basi neno "ijayo" lina mashaka mawili. Kwanza, wengine huita hivyo Ijumaa iliyo karibu, na wengine ile ya wiki inayofuata. Pili, mwandishi huhesabu tangu siku aliyoandika, msomaji tangu siku aliyosoma.

Nikaandika barua nyingine, na tarehe nikaitaja. Lakini kwa watu wa delta niliongeza kwamba mashua ya kuwaleta Nyamisati itaondoka "usiku wa Ijumaa, saa 8". Nikakosa tena! Kwa wazee wetu siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wake. Karani kijana aliyesomewa barua ile alidhani ni usiku unaofuata baada ya mchana wa Ijumaa, yaani kikao kikiwa kimekwisha. Wazee walifika pwani kwa wakati. Karani na nahodha walikuwa wamelala.

Maneno "mwisho wa wiki" nayo yana mtego huo huo. Ofisini ni Jumamosi na Jumapili. Lakini jina lenyewe la Jumamosi lasema ni siku ya kwanza, na kwa hesabu hiyo wiki huishia Ijumaa. Ukimwambia fundi amalize kazi mwisho wa wiki, msishangae mkigombana.

Tangu hapo naandika hivi: "usiku wa Alhamisi tarehe 12 kuamkia Ijumaa tarehe 13 Septemba 2019, saa 8 usiku". Siku na tarehe huchungana: zisipopatana, msomaji hujua mwandishi amekosea, naye huuliza. Kisha humpa mtu mwingine barua hiyo, nikamwuliza, "Ungekuwa wewe, ungeondoka nyumbani lini?" Akisita, naiandika upya.