Punguzo la Kweli, Siku ya Mwisho ya Kweli

Haya ndiyo niliyowaambia Jumamosi wenye biashara ndogo. Nimeyaandika kwa ajili yenu mliokuwa kazini.

Mama mmoja kati yetu anauza vitenge vya yadi 6. Aliniletea simu yake akaniuliza kwa nini watu hawanunui. Tangazo lake lilisema: "Bei ya kutupa! Punguzo 50%! Ilikuwa dola 60, sasa dola 30. Leo tu!"

Nikamwuliza, "Mama, nani amewahi kulipa 60?" Akacheka. "Hakuna. Nilikuwa nauza 40."

Hapa Marekani, mwongozo wa Tume ya Biashara ya Shirikisho unasema bei ya zamani unayoitaja iwe bei uliyoiweka wazi kwa wateja kwa muda wa kutosha, ukiwa na nia ya kuuzia kweli. Si lazima mtu awe amenunua. Lakini bei iliyobuniwa ili punguzo lionekane kubwa ni udanganyifu. Basi tukafuta 60. Kutoka 40 hadi 30 zimepungua dola 10, na 10 katika 40 ni 25%. Hilo ndilo punguzo lake. Wateja waliolipa 40 mwezi uliopita wanalijua hata asipolisema.

Tukaja kwenye "Leo tu". Maneno hayo yalikuwa yamekaa hapo wiki tatu. Aliyeyasoma siku ya kwanza akarudi siku ya tano na kuyakuta, hana sababu ya kuharakisha. Nikamwuliza, "Kwa nini unataka vitoke?" Akasema, "Meza yangu sokoni inaisha tarehe 28, na nyumbani hakuna nafasi." Sababu alikuwa nayo, ila hakuiandika.

Tukaandika upya:

"Ninafunga meza yangu sokoni. Vimebaki vitenge 34, yadi 6 kila kimoja. Nilikuwa nauza dola 40, sasa dola 30. Mwisho Jumamosi tarehe 28, saa 12 jioni (6 PM kwenye simu). Baada ya hapo vilivyobaki vinarudi dola 40, kwa oda tu."

Saa tumeandika kwa namna zote mbili, maana mwingine akisoma saa 12 atakuja mchana, meza ikiwa na msongamano, au asije kabisa.

Kila vinapouzwa, badilisha ile 34. Na Jumamosi usiku, futa tangazo. Mtu akikupigia Jumapili akiomba 30, mwambie kwa upole kwamba sasa ni 40. Ukimkubalia, tarehe yako ya mara ijayo hakuna atakayeiamini. Kama kweli huwezi kukaa navyo, usiahidi tangu mwanzo kwamba bei itapanda; andika tu siku meza inapofungwa.

Mwenye tangazo aje nalo ofisini, tulisome pamoja.