Kukagua Sauti ya Odiomita: Desibeli za Kwenye Kioo na Desibeli za Sikioni



Odiomita ni kifaa cha pekee katika kliniki zetu, kwa sababu chenyewe hakipimi kitu. Mashine ya presha husoma shinikizo la damu, lakini odiomita hutoa sauti tu, kisha humwachia mgonjwa aseme kama ameisikia. Tunachoandika kwenye odiogramu ni namba iliyokuwa kwenye kioo mgonjwa alipobonyeza kitufe. Ikiwa sauti iliyotoka kwenye hedifoni hailingani na namba hiyo, mashine haitoi onyo lolote. Mgonjwa anajibu kwa uaminifu, muuguzi anaandika kwa uaminifu, na karatasi inatoka na kosa.

Nitazungumzia upimaji wa toni kwa hedifoni za kufunika sikio, kama unavyofanyika kwa wafanyakazi wa viwandani. Kipimo cha kupitia mfupa nakiacha, kwani kina kifaa chake na taratibu zake. Ninachotaka tuone ni kwamba hedifoni iliyopungua nguvu na chumba chenye kelele huharibu matokeo kwa namna mbili tofauti. Anayezijua namna hizo anaweza kuziona kwenye rundo la odiogramu hata kabla hajashika mita.

Tuanze na sifuri. Kwenye kioo cha odiomita desibeli huandikwa dB HL, na 0 dB HL haimaanishi kimya. Maana yake ni sauti hafifu kabisa ambayo vijana wenye masikio mazima huisikia kwa wastani. Sikio la binadamu halisikii toni zote sawasawa, kwa hiyo kila toni ina sifuri yake. Kwa hedifoni za aina ya TDH-39, zikipimwa kwenye kapla ya sentimita 6 za ujazo, kiwango cha ISO 389-1 kinataka sifuri ya hezi 500 iwe 11.5 dB SPL, ya hezi 1000 iwe 7, ya hezi 2000 iwe 9, na ya hezi 4000 iwe 9.5. Hedifoni za aina nyingine zina namba nyingine. Ndiyo sababu hedifoni na odiomita hukaguliwa pamoja na hukaa pamoja. Anayeazima hedifoni ya chumba cha pili kwa sababu yake imekatika waya amefuta kalibresheni ya mashine zote mbili, hata kama plagi imeingia vizuri.

Ukaguzi wenyewe hauna siri. Kapla ni kikombe kidogo cha chuma chenye maikrofoni chini yake, na kazi yake ni kukaa mahali pa sikio. Kwanza mita ya sauti inahakikiwa kwa kalibreta yake ndogo, ambayo kwa kawaida hutoa desibeli 94 kwa hezi 1000. Kisha upande mmoja wa hedifoni unalazwa juu ya kapla na kuwekewa uzito wa gramu 500, takriban nguvu ileile ambayo utepe wa hedifoni hukandamiza nayo sikio. Odiomita inawekwa 70 dB HL, toni inaachwa iendelee, na mita inasomwa. Tunatumia 70 na si sifuri kwa sababu sauti ya 7 dB SPL ingemezwa na kelele za chumba na za mita yenyewe. Kwa hezi 1000 tunategemea 77, yaani 70 kujumlisha 7. Kwa hezi 500 ni 81.5, kwa hezi 2000 ni 79, na kwa hezi 4000 ni 79.5. Tofauti inayovumilika ni desibeli 3 juu au chini hadi hezi 4000, na desibeli 5 kwa hezi 6000 na 8000.

Hapa mafundi wengi hukosea mahali pamoja. Hedifoni isipokaa sawasawa juu ya kapla, hewa hupenya pembeni, na sauti nzito ndizo zinazotoroka. Mita itaonyesha hezi 250 na 500 ziko chini sana ilhali hezi 4000 iko salama. Fundi mwenye haraka atapandisha sauti hizo nzito, na hapo atakuwa ameiharibu mashine iliyokuwa nzima. Kwa hiyo inua hedifoni, ilaze upya, soma tena, mara tatu hivi. Usomaji ukiruka kila unapoilaza, tatizo ni mlalo au mto wa mpira uliokakamaa. Ukirudi uleule kila mara, sasa una haki ya kuishuku mashine.

Chukua mfano huu. Odiomita ya kliniki ya kiwanda inakaguliwa na upande wa kushoto unatoka vizuri, hakuna toni iliyopotoka zaidi ya desibeli 1. Upande wa kulia unasoma 81.0 kwa hezi 500, 76.5 kwa hezi 1000, 78.0 kwa hezi 2000, na 71.0 kwa hezi 4000. Toni tatu za kwanza ziko ndani ya mipaka, ya nne imepungua desibeli 8.5. Fundi anabadilisha plagi, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, bila kugusa kitu kingine. Upungufu ukihama na hedifoni ileile, ubovu uko kwenye hedifoni, pengine iliangushwa. Ukibaki kwenye tundu lilelile, ubovu uko ndani ya mashine. Katika mfano wetu unahama na hedifoni.

Sasa angalia upungufu huo umewafanyia nini wafanyakazi. Mwendesha mtambo ambaye sikio lake la kulia husikia desibeli 15 kwa hezi 4000 hatasikia kitu mashine ikiwa kwenye 15, kwa sababu kinachotoka ni 6.5 tu. Kwenye 20 inatoka 11.5, bado hasikii. Kwenye 25 inatoka 16.5, anabonyeza. Odiogramu inasema 25. Na kwa kuwa hezi 4000 ndiyo jirani ya mahali ambapo kelele za kazini hula usikivu kwanza, mtu atasoma karatasi hiyo na kuandika kwamba kelele zimeanza kumdhuru.

Hilo ni kosa baya, lakini lililo baya zaidi linakuja baadaye. Tuseme kipimo hicho ndicho cha kwanza, kile ambacho vipimo vyote vya miaka ijayo vitalinganishwa nacho. Hedifoni inabadilishwa, mashine inakalibreshwa, na mwaka unaofuata mtu yuleyule anarudi. Safari hii kelele zimemdhuru kweli, sikio limeshuka kutoka 15 hadi 25. Mashine iliyo sahihi inaandika 25. Daktari anaweka karatasi mbili pamoja, anaona 25 na 25, anaandika kwamba hakuna mabadiliko. Desibeli 10 alizopoteza mtu huyu zimefichwa na mashine ambayo wakati huo haina kosa lolote.

Kwa sababu hiyo nasisitiza jambo ambalo vyeti vingi vya kalibresheni nilivyosoma havina: usomaji kama ulivyokutwa, kabla ya kurekebisha. Fundi anayerekebisha kwanza na kuandika namba nzuri za mwisho anatuambia mashine ni nzima leo. Hatuambii ilikuwaje miezi iliyopita, na hiyo ndiyo habari inayohitajika kuamua odiogramu zipi zirudiwe. Bila namba 71.0 kwenye cheti, hakuna atakayejua kwamba vipimo vya kulia vya hezi 4000 havifai.

Kelele za chumba hufanya kazi kwa njia nyingine. Hedifoni hizi huzuia kelele za nje, lakini si kwa usawa. Kwa hezi 4000 huzuia zaidi ya desibeli 30, kwa hezi 500 huzuia takriban 7 tu. Na kelele za vyumba vyetu nyingi ni nzito: pangaboi, kiyoyozi, jenereta nyuma ya jengo, lori linalosubiri getini. Kiwango cha Marekani cha ANSI S3.1 kinasema kwamba ukitaka kupima hadi 0 dB HL kwa hedifoni za kufunika sikio, kelele kwenye bendi ya hezi 500 isizidi desibeli 21, hezi 1000 isizidi 26, hezi 2000 isizidi 34. Huo ni utulivu ambao chumba cha kawaida hakiufikii bila kibanda maalumu. Kanuni za kazini za Marekani hukohuko huruhusu 40 kwa hezi 500, yaani desibeli 19 zaidi. Chumba kinaweza kukubalika kisheria na bado kikamzuia mwenye sikio zuri kufika kwenye sifuri yake.

Mita ya kawaida inayotoa namba moja, mathalani desibeli 38 kwa mzani A, haitoshi hapa. Mzani huo hupunguza uzito wa sauti nzito, na hizo ndizo zinazotusumbua. Inahitajika mita inayogawa kelele kwa bendi, na isomwe saa zilezile ambazo wagonjwa hupimwa, pangaboi na kiyoyozi vikiwa kama vinavyokuwa siku za kazi. Kusoma jioni mtambo umezimwa ni kujidanganya.

Hapa ndipo tofauti niliyoitaja mwanzoni inapoonekana. Kelele humfunika anayesikia vizuri na kumwacha asiyesikia. Mtu mwenye sifuri halisi kwa hezi 500 ataandikiwa 20 au 25 kwenye chumba kibaya, ilhali mwenye 50 ataandikiwa 50 yake, maana toni anayoihitaji iko juu mno ya kelele. Hedifoni iliyopungua haibagui, inamwongezea kila mtu desibeli zilezile, kwa toni ileile, upande uleule. Basi panga odiogramu za mwezi mzima. Ukiona masikio yote ya kulia yameshuka kwa hezi 4000 kuliko ya kushoto, mazima na mabovu pamoja, itie shaka hedifoni. Ukiona hakuna mtu hata mmoja, upande wowote, aliyepata chini ya 20 kwa hezi 500, ilhali kwa hezi 2000 wapo wengi wa 0 na 5, kitie shaka chumba.

Katikati ya kalibresheni za kila mwaka tunao ukaguzi wa kila asubuhi, ule ambao ISO 8253-1 inauweka kwenye hatua ya kwanza. Mtu anayejulikana usikivu wake anavaa hedifoni, anasikiliza kila toni kila upande kwenye sauti ya wastani, anatikisa waya karibu na plagi na kwenye shingo ya hedifoni, anasikiliza mikwaruzo, mlio wa umeme, au toni inayovuja kwenda upande wa pili. Kisha anajipima na kulinganisha na kipimo chake cha zamani. Ni dakika chache, na unakamata waya uliokatika nusu, ambao kapla inaweza kuukosa siku ulipotulia. Mipaka yake nayo ijulikane: mtu yuleyule mzima hupanda na kushuka desibeli 5 kati ya siku na siku, kwa hiyo sikio halitagundua upungufu wa 4. Likionyesha 10 au zaidi, mashine isitumike hadi ikapimwe kwenye kapla.

Kwa wanaopima kwenye madarasa au ukumbi wa kiwanda, ambako kibanda hakipo, kuna njia ya halali. Usitafute sifuri. Ukichuja kwa 25 dB HL badala ya kutafuta kizingiti, kelele inayoruhusiwa hupanda kwa desibeli 25, hivyo kwa hezi 500 inakuwa 46 badala ya 21. Kabla ya kuanza, mpime mwenzako mwenye masikio mazima hapohapo. Asiposikia 25 kwa hezi 500, hamisha chumba au zima pangaboi. Na kwenye fomu, chini ya jina, iandikwe namba ya hedifoni, tarehe ya kalibresheni, na sauti hafifu kabisa ambayo mwenzako aliisikia kwenye chumba hicho siku hiyo.